Utangulizi: Kuandika Mchezo wa Bima kwa Wafanyabiashara wa Sokoni

Anayetaka kuwaandikia wafanyabiashara wa sokoni mchezo mfupi wa kueleza bima ya moto aanze na hesabu ya mwisho: mwenye mali alidai shilingi ngapi, na akalipwa ngapi. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili ndiyo hadithi. Kila shilingi iliyopungua ilipungua kwa sababu iliyoandikwa katika mkataba, na nyuma ya kila sababu kuna siku, mtu na jambo alilofanya au aliloacha kufanya. Mwandishi akizifuata sababu hizo kwa kurudi nyuma, mchezo unajiunga wenyewe, wala halazimiki kumsimamisha mhusika katikati ya soko atoe hotuba kuhusu maana ya bima.

Karibu katika fani hii. Wanaoiingia huja kwa milango miwili. Wako waliotoka kwenye redio na maigizo, ambao wanajua kumfanya mtu acheke na kusikiliza lakini hawajawahi kusoma mkataba wa bima hadi ukurasa wa mwisho. Wako pia waliotoka kwenye kampuni za bima, ambao wanaujua mkataba kifungu kwa kifungu lakini wakishika kalamu huandika kama wanajibu barua ya mwanasheria. Utangulizi huu unawaandikia wote wawili, na unafanya hivyo kwa kulifungua dai moja tu, la muuza vitenge, mpaka senti ya mwisho.

Kwanza tuweke wazi jambo moja ambalo wasikilizaji wengi huja nalo. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 jengo la Soko Kuu la Kariakoo, lile lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, lilishika moto. Januari 2022 likaungua soko la Karume, Ilala. Kule Nairobi, Gikomba limeungua mara nyingi, na moto wa Juni 2018 uliua watu. Baada ya moto wa namna hii hutasikia mara moja tu mtu akisema, "Soko si lina bima?" Anayeuliza hivyo anachanganya mali mbili. Bima ya jengo humlipa mwenye jengo, iwe ni halmashauri, shirika au mwenye nyumba. Robota la vitenge lililokuwa ndani ya fremu si sehemu ya jengo. Kama mwenye robota hakulikatia bima yeye mwenyewe, hakuna mkataba unaolitaja. Mchezo wowote wa sokoni ulimalize hili ndani ya dakika ya kwanza, kwa sentensi mbili za jirani kwa jirani, kisha usilirudie.

Linalofuata ni kuchagua dai. Hapa ndipo waandishi wengi huharibu kazi. Dai lililolipwa lote huzaa tangazo, na mfanyabiashara analijua tangazo likiwa bado mbali. Dai lililokataliwa lote huzaa kitisho, na msikilizaji huondoka akiwa na uhakika kwamba watu wa bima ni wezi. Mimi nashikilia kwamba dai linalofundisha ni lile lililolipwa nusunusu, kwa sababu ndani yake mna yaliyolipwa na yasiyolipwa bega kwa bega, na msikilizaji anaweza kuuliza kwa nini hili ndiyo na lile hapana.

Basi tumbuni mhusika, tumwite Bi Mwanaidi. Ana fremu ya vitenge, jumla na rejareja, na kijana mmoja wa dukani. Mwaka uliopita wakala alimkatia bima ya moto ya mzigo kwa kiwango cha shilingi 12,000,000, ambayo ndiyo iliyokuwa thamani ya mzigo wake siku ile. Biashara ikakua. Siku ya moto mzigo wake mwenyewe, kwa bei aliyonunulia, ulikuwa wa shilingi 16,000,000. Zaidi ya huo, alikuwa na vitenge vya shilingi 2,000,000 vya mali kauli kutoka kwa muuzaji wa jumla, kwa makubaliano kwamba atakavyouza atavilipia, na visivyouzika atavirudisha.

Usiku shoti ya umeme inawasha moto katika fremu ya jirani. Moto unavuka ukuta wa mbao. Kijana wa dukani na wapita njia wanavunja kufuli na kuanza kutupa mzigo nje. Gari la zimamoto linafika na kumwaga maji. Asubuhi Bi Mwanaidi anapata hivi: vitenge vyake vilivyoungua au kuharibiwa kabisa na maji, ambavyo angeviuza kwa shilingi 10,000,000, vya mali kauli vyote vimekwisha, shilingi 2,000,000, na vingine vya shilingi 500,000 vilitolewa nje vikiwa vizima, lakini kulipokucha havikuonekana. Jumla 12,500,000. Anaenda ofisini kwa moyo uliotulia: bima yake ni ya milioni kumi na mbili, hasara imezidi hapo, basi walau hizo kumi na mbili atapewa. Analipwa shilingi 5,400,000.

Mwandishi aanzie hapa. Hundi ya 5,400,000 iko mezani, na mama anaitazama. Tushuke naye hatua kwa hatua.

Zile 500,000 zilizopotea barabarani ndizo zinazouma zaidi, maana mzigo ulinusurika na moto. Lakini mikataba ya kawaida ya bima ya moto inayotumika kwetu imerithi maneno ya zamani yanayosema wazi kwamba wizi unaotokea wakati wa moto au baada yake haulipwi. Bima ya wizi ni mkataba mwingine, nao una masharti yake, aghalabu ukitaka kuona alama za kuvunja na kuingia kwa nguvu. Katika mchezo, jambo hili lisielezwe na ofisa. Liwe sauti ya kijana wa dukani akisema, "Mimi niliviweka pale kwenye mtaro, nikarudi ndani kuchukua vingine." Msikilizaji wa Kariakoo ataona picha yote, na sharti likitajwa baadaye atakuwa amekwisha kulielewa kabla hajalisikia.

Mali kauli ina sababu tofauti. Mkataba huorodhesha mali ambazo hazimo mpaka zitajwe kwa jina, na kati ya hizo ni mali ya mtu mwingine unayoishikilia kwa amana au kumuuzia. Fedha taslimu na vitabu vya hesabu humo humo. Vitenge vile, kwa makubaliano ya kurudisha visivyouzika, vilikuwa bado vya muuzaji wa jumla. Bi Mwanaidi hakumwambia wakala kwamba anashika mali ya watu, na wakala hakuuliza. Hapa mwandishi awe mwangalifu sana. Kama makubaliano yangekuwa kwamba mzigo umeshakuwa wake na anadaiwa bei tu, mali ingekuwa yake, na ingehesabiwa pamoja na ile 16,000,000. Sokoni makubaliano haya hufanyika kwa mdomo, na kila upande hukumbuka kwa namna yake. Kwa hiyo mchezo lazima uyasemeshe makubaliano wazi, mapema, katika mazungumzo ya kawaida ya kupokea mzigo. Bila hivyo, dai litakapofika mezani msikilizaji hatajua mali ni ya nani, na hesabu nzima itamponyoka.

Imebaki 10,000,000 ya vitenge vyake mwenyewe. Bima ya mzigo humrudisha mtu alipokuwa kabla ya hasara, wala haimpi faida ya mauzo ambayo hayajafanyika. Hulipa kwa bei aliyonunulia, pamoja na gharama za kufikisha mzigo dukani. Bei hiyo ni 8,000,000. Zile milioni mbili za faida zina bima yake, ya kupotelewa na mapato biashara inaposimama, lakini hiyo ni hadithi ya mchezo mwingine. Tusiingie huko. Mchezo wa dakika saba unabeba hesabu moja tu.

Sasa tumefika penye ugumu, na hapa naomba mwandishi akae kuliko mahali pengine popote. Watu wa bima hupaita uwiano. Mali ilikuwa ya 16,000,000, ikakatiwa bima ya 12,000,000. Ada iliyolipwa ni ya robo tatu ya mali, basi hasara nayo hulipwa robo tatu, hata kama hasara yenyewe ni ndogo kuliko kiwango cha bima. Robo tatu ya 8,000,000 ni 6,000,000. Karibu kila mfanyabiashara anayesikia hili kwa mara ya kwanza hukataa, na kukataa kwake kuna mantiki: "Mimi nina bima ya kumi na mbili, nimeunguliwa na nane tu. Nane si inaingia ndani ya kumi na mbili?" Mchezo ukikwepa swali hilo umeshindwa. Ndiyo maana naliweka mdomoni mwa mhusika mkuu, ajibiwe kwa mali anayoishika kila siku:

MKADIRIA HASARA: Shikamoo, mama.

MWANAIDI: Marahaba, mwanangu.

MKADIRIA HASARA: Pole sana. Siku ile kabla ya moto, ukiacha mali kauli, mzigo wako wote humu ulikuwa wa shilingi ngapi?

MWANAIDI: Ulioungua?

MKADIRIA HASARA: Wote, mama. Ulioungua na uliopona.

MWANAIDI: Kwa bei ya kununulia, milioni kumi na sita.

MKADIRIA HASARA: Na bima umekata ya kumi na mbili. Basi katika kila doti nne zilizokuwa humu, umelipia bima doti tatu. Moja haina.

MWANAIDI: Ipi hiyo? Nionyeshe.

MKADIRIA HASARA: Siwezi kuichagua, mama. Imo katika zilizoungua na imo katika zilizopona. Kwa hiyo katika kila doti nne zilizoungua, tunalipa tatu.

Mazungumzo haya ni mafupi, na kila neno lina kazi. "Ulioungua na uliopona" ndilo linalobeba somo, kwa sababu mfanyabiashara aliyeunguliwa huhesabu kilichoteketea, ilhali mkadiria huanza kwa kuhesabu vyote. Umri nao una kazi. Mkadiria ni kijana, anaamkia, anaita mama, na hivyo anaweza kusema jambo gumu bila kusikika kama anamhukumu mtu mzima.

Hatua ya mwisho ni ekses, yaani sehemu ya hasara ambayo mkataba unamwachia mteja aibebe mwenyewe. Katika mchezo wetu ni asilimia 10 ya dai. Kampuni hutofautiana, kwa hiyo mwandishi atumie ile iliyo katika mkataba anaoueleza. Kwa kawaida hukatwa mwishoni kabisa, baada ya uwiano. Asilimia 10 ya 6,000,000 ni 600,000, na inayobaki ni 5,400,000. Tumefika kwenye hundi, na hakuna shilingi iliyopotea gizani.

Je, Bi Mwanaidi angefanya nini? Angempigia wakala simu mzigo ulipokua, akapandisha kiwango hadi 18,000,000, na akataka mali kauli itajwe kwa maandishi. Ada yake ingepanda kwa nusu, kwa kuwa kiwango kimepanda kwa nusu. Moto uleule, mali ileile iliyoungua: 8,000,000 zake na 2,000,000 za mali kauli, jumla 10,000,000, bila kupunguzwa na uwiano. Toa ekses, analipwa 9,000,000, na katika hizo anamalizana na muuzaji wake wa jumla. Vile vitenge vya mtaroni bado havilipwi. Ni muhimu mchezo uviache vilevile bila malipo, ili msikilizaji asidhani kwamba mkataba ulioandikwa vizuri hulipa kila kitu.

Kuhusu mambo yasiyofidiwa, kishawishi kikubwa ni kuyasoma yote kama orodha ya wito darasani. Vita, bidhaa kuoza au kujichemkia zenyewe hadi kuwaka, mali kuchomwa kwa amri ya serikali, na mengine mengi. Hakuna anayeyakumbuka. Chagua yale mawili au matatu yanayolihusu soko unaloliandikia, na kila moja lipe tukio. Muuza vitenge hana haja ya kusikia habari za kujichemkia. Muuza mashudu au majani makavu ya mifugo anayo.

Liko moja ambalo kwa Kariakoo ya leo nisingeliacha nje. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka pale, likaua watu na kufukia mali za wafanyabiashara. Bima ya moto ya kawaida hailipi jengo linapoanguka lenyewe. Zaidi ya hapo, mikataba mingi ina kifungu kinachosema kwamba jengo likianguka au kuhama mahali pake kwa sababu isiyo ya moto, bima ya mali iliyomo hukoma papo hapo, hata moto ukizuka baadaye kwenye kifusi. Wachache wanaokijua kifungu hiki. Mchezo unaweza kukitaja kwa sentensi moja ya jirani anayeuliza kuhusu nyufa za ukutani, na wakala anayemjibu kwa ukweli kwamba hilo halimo katika mkataba wa moto peke yake na lazima liulizwe na kuongezwa kwa maandishi, kama mafuriko na ghasia zinavyoongezwa.

Kwa upande mwingine, msikilizaji asiachwe na hofu isiyo na msingi. Maji ya zimamoto yaliyoharibu vitenge yalilipwa, kwa sababu yaliletwa na moto. Moto ulianzia kwa jirani, na hilo halikumpunguzia Bi Mwanaidi kitu. Wafanyabiashara wengi huamini kinyume katika yote mawili, na wengine hawapeleki dai kabisa kwa sababu hiyo. Yapeni nafasi sawa na yasiyolipwa.

Ushahidi nao uingie kwenye hadithi mapema, kabla ya moto, maana baada ya moto umechelewa. Daftari la Bi Mwanaidi liliungua dukani. Kilichomwokoa ni kwamba binti yake alikuwa akipiga picha kurasa zake na risiti za manunuzi kila mwisho wa juma, na picha zilikuwa kwenye simu nyumbani. Asubuhi ya moto alitoa taarifa kwa kampuni na polisi, na hakugusa mabaki hadi mkadiria alipoyaona. Mikataba ya namna hii mara nyingi hutaka maelezo kamili ya dai kwa maandishi ndani ya siku 15. Na mteja asiporidhika na malipo, hasaini hati ya kukubali malipo ya mwisho kwanza ndipo alalamike. Hulalamika kwanza kwa kampuni, kisha anaweza kwenda TIRA, ambayo ndiyo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mchezo uyataje majina hayo mara moja, polepole, mwishoni.

Ukimaliza kuandika, usimwulize msikilizaji kama ameelewa. Atakuambia ndiyo kwa adabu. Mpe hesabu nyingine: mali ya milioni kumi, bima ya milioni tano, imeungua ya milioni mbili, ekses asilimia kumi, mtu huyu atapata ngapi? Akijibu laki tisa, uwiano umemwingia. Akijibu milioni moja na laki nane, amekumbuka ekses na kusahau uwiano, basi rudi kwenye mazungumzo ya doti nne uyaandike upya. Akijibu milioni mbili, mchezo mzima umempita. Na akisema kampuni imemwibia mama, mwulize ni shilingi ipi iliyoibwa. Jibu lake litakuonyesha mstari hasa ulioshindwa kufanya kazi.

Mwisho, ombi kwako unayeanza. Usiandike kwa kukumbuka wala kwa kutumia kipeperushi cha mauzo. Omba mkataba wenyewe wa kampuni unayoielezea, wote, pamoja na nyongeza zake, na thibitisha kwenye mfumo wa TIRA kwamba kampuni na wakala wamesajiliwa. Kisha, kabla hujaingia studio, mpelekee ofisa wa madai wa kampuni hiyo hesabu yako, hatua kwa hatua, aisaini. Akikataa hatua yoyote, badilisha mchezo, usirekodi.